Nyimbo Zenye Jina Moja

Mume wangu hatupi kitu. Nilipoolewa nilikuta chini ya kitanda spika mbili zilizopasuka, na nilipouliza zinangoja nini, akasema zinangoja siku yao. Kwa hiyo sikushangaa nilipofungua kompyuta ya duka na kukuta folda inayoitwa Mpya, nyingine Mpya Kabisa, nyingine Mpya ya Juzi, na ndani ya hiyo ya juzi folda nyingine inayoitwa Mpya.

Kazi yetu ni ya muziki, lakini si kuimba. Yeye anakodisha vyombo vya sauti. Popote penye harusi, mchango wa kanisa au sherehe ya mtu aliyejenga nyumba, kuanzia Migori hadi ufukweni Homa Bay, anapeleka spika, maikrofoni na jenereta, na kila bendi ya hapa inamjua. Mimi ninakaa dukani Homa Bay mjini, nawawekea watu nyimbo kwenye flash na memori kadi: madereva, wenye bodaboda, akina mama wenye redio ndogo, wavuvi wanaovuka kutoka kisiwa cha Mfangano kuja kununua vitu vya nyumbani. Watu hudhani siku hizi kila mtu ana intaneti na biashara yangu imekufa. Waulize hao wavuvi mtandao unashika wapi ziwani.

Utajiri wetu mkubwa si spika, ni maktaba ya nyimbo. Mume wangu ana rekoda ndogo ya betri, ya kushika kiganjani, na kila anapokwenda kwenye sherehe huiweka juu ya meza mbele ya bendi na kuiacha inase. Akirudi anamimina faili kwenye kompyuta, mara nyingine kwenye folda yenye jina la mahali, anaupa kila wimbo jina lake, na basi. Miaka yote hiyo! Ukiongeza zile alizopewa na marafiki, zile tulizonunua na zile zilizokuja na simu za zamani, ilikuwa bahari. Namshukuru Mungu kwa bahari hiyo kwa sababu imesomesha watoto wetu. Lakini kuogelea ndani yake ilikuwa adhabu.

Aliyenifanya nivunje ukimya ni dereva mmoja wa lori la Isebania. Alirudisha flash akaigonga juu ya meza yangu.

“Madam, hii flash umenipatia iko na ngoma moja mara nne. Turnboy wangu pale kando ameniuliza kama redio imekwama.”

“Si umechagua folda mwenyewe?”

“Nimechagua folda tatu! Nani alijua ziko na kitu moja?”

Aliondoka akicheka, mimi nikabaki nimenuna. Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba nyumba hii sasa itafagiliwa.

“Akiba haiozi,” akasema.

“Akiba ikijaza diski inaoza, mzee. Kompyuta inakohoa.”

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ng’ombe wake wataachwa nje. Kisha akasema jambo moja tu: fanya, lakini usifute kitu kabla hujasikiliza. Nilikubali kwa mdomo.

Jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Garissa anayeuza simu na vifaa vya umeme, ndiye aliyeniuzia diski mpya ya nje. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Akanishika mkono wa koti: “Dada, kopi kwanza, usafi baadaye. Nakili yote, uweke diski hiyo mbali, ndiyo uanze kufagia.” Ushauri mdogo, lakini ulinipa usingizi kwa wiki nyingi. Namwombea heri mpaka leo.

Nilianza na kupanga. Folda moja kwa kila mwanamuziki au kwaya, na nje yake folda kubwa chache: za kanisa, za ohangla, za benga, za Kikuria, za nje. Niliburuta nyimbo kutoka kwenye zile Mpya zote na kuziingiza nyumbani kwao. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kuuliza maswali. Kuna faili tayari yenye jina hili, ikasema. Uandike juu yake, uiruke, au ubaki na zote mbili? Swali linaonekana dogo. Ukibonyeza kuandika juu, ile ya kwanza imeondoka, na haipiti hata kwenye pipa la taka. Mimi ni mwenye hasira lakini si mwenye haraka. Nikasema bakisha zote, na kompyuta ikawa inaziongezea mabano: wimbo, wimbo wa (2), wimbo wa (3). Kuna wimbo mmoja wa bendi moja ya huku uliofika ishirini na kitu.

Halafu nikatafuta programu ya kusaka nakala. Programu hizo zina njia zaidi ya moja. Kuna njia ya kulinganisha yaliyomo ndani ya faili, chembe kwa chembe. Hiyo ikisema hizi ni pacha, ni pacha kweli, futa moja bila wasiwasi. Na kuna njia ya kulinganisha jina. Ya kwanza ilinitolea rundo la kuridhisha, nikalifuta huku nikiimba. Ya pili ilinitolea rundo lililonifanya nipige vigelegele. Ule wimbo wa ishirini na kitu ulikuwa humo wote, umetiwa alama nyekundu, unangoja nikubali ubaki mmoja.

Nikakumbuka ahadi ya mdomo. Nikasikiliza wa kwanza, nikasikiliza wa pili, na nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze. Bendi ya huku ikipiga moja kwa moja, wimbo si wa mwimbaji peke yake. Mtu anasimama kutoka kwenye kiti chake, anakwenda mbele, gitaa zinashuka, anapewa maikrofoni na anajisifu. Tunaita pakruok. Anasema yeye ni mtoto wa nani, mume wa nani, rafiki wa nani, amekula nini na ng’ombe wake wana pembe gani. Watu wanashangilia, anakaa, gitaa zinapanda, na mwingine anasimama. Kwa hiyo wimbo ule mmoja, uliopigwa Rongo na uliopigwa Mbita, una jina moja na gitaa moja, lakini watu waliomo ndani ni tofauti kabisa. Kompyuta haijui hayo. Iliona jina, ikasema ni nakala. Programu ile iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuja harusini kwetu.

Basi nikaunda folda nyingine, nikaiita Kusubiri. Chochote chenye shaka kiliingia humo: zilizofanana jina, zilizokatika katikati, zilizorekodiwa vibaya, zile ambazo mume wangu alikuwa ameziandika “imeharibika” na bado akazihifadhi. Mpango ulikuwa nikimaliza kupanga, nisikilize nzuri, nizirudishe makwao, na zilizoharibika nizifute zote kwa mpigo. Hizo za mwisho sikuona sababu ya kuzisikiliza. Imeharibika ni imeharibika.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyimbo pendwa, na hapo nusura tuachane. Kila mteja wa kudumu nina orodha yake ya nyimbo anazozipenda, akija na kadi mpya namjazia bila kuuliza. Sasa orodha haishiki wimbo, inashika anwani ya wimbo. Nilipohamisha nyimbo, anwani zilikufa, na kila orodha niliyofungua ilinionyesha majina yaliyopauka yasiyopiga. Nilikaa nikazijenga upya moja moja. Nilipofika kwenye ya mume wangu nikakuta ameweka alama ya moyo kwenye karibu kila wimbo duniani.

“Umependa hata tangazo la dawa ya mbu,” nikamwambia.

“Lina gitaa nzuri.”

“Anayependa zote hajapenda hata moja.”

“Nyar Migori,” akasema, maana huniita binti wa Migori nilikotoka, “mimi nilikupenda wewe mmoja. Niachie nyimbo.”

Utamfanya nini mtu kama huyo? Nilimwachia. Ila tangazo la dawa ya mbu nililitoa, na hajagundua.

Katika siku hizo za kumalizia ndipo alipoingia mama mmoja kutoka Mfangano. Nilimjua kwa sura. Ni mfanyabiashara wa samaki, alikuwa akija na redio yake ndogo nimtilie nyimbo za kwaya. Safari hii alikuwa amevaa nguo nyeusi na kichwa kimenyolewa. Nilimpa kiti, nikamwagizia chai.

“Mzee amelala,” akasema. “Tulimzika.”

Nilimpa pole. Akanywa chai, akaiweka, akanieleza kilichomleta.

Mume wake alikuwa mvuvi na mtu asiyesema. Si kwamba alikuwa mkali. Maneno tu yalikuwa machache kwake. Miaka kadhaa iliyopita walikwenda Magunga kwenye sherehe ya shemeji yake, na mume wangu ndiye aliyepeleka vyombo. Yeye mama alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, wanasonga ugali na kukaanga samaki. Waliporudi kisiwani, watu wakaanza kumtania: kumbe mzee wako anajua kujisifu! Kumbe alikusifu wewe! Alimuuliza mumewe alisema nini. Mumewe akacheka, akasema watu wa Magunga ni waongo, akaenda kutazama nyavu. Kila alipouliza, alikwenda kutazama nyavu.

“Sasa hayuko, nyathina,” akasema, yaani mwanangu. “Na waliokuwepo kila mmoja ananiambia maneno yake. Sina sauti yake hata kwa simu. Nataka kusikia alisema nini. Bwana yako alirekodi. Niliona ile kitu juu ya meza.”

Nilimuuliza ni wimbo gani bendi ilikuwa inapiga. Akautaja, na ulikuwa ule ule wa ishirini na kitu.

Nilifungua folda ya bendi ile, ambako nilikuwa nimekwisha kurudisha zile nzuri. Kwanza nilipanga kwa tarehe, nikifikiri nitaiona siku ile. Nusu ya faili zilikuwa na tarehe ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado mtoto wa shule, kwa sababu saa ya ile rekoda hurudi nyuma kila betri inapotolewa. Folda za zamani zilizotaja mahali, Magunga, Rongo, Mbita, nilikuwa nimezivunja nilipopanga kwa wanamuziki. Zilikuwa kwenye ile diski ya akiba, na diski ilikuwa nyumbani Migori kwa mama yangu, mbali kama jirani alivyoniagiza. Nikapanga kwa urefu. Wimbo wenye watu wengi wa kujisifu huwa mrefu, na hapo ndipo pangekuwa na matumaini. Tukaanza na mrefu kuliko yote.

Tulisikiliza wawili sisi, kila mmoja na sikio moja la spika za masikioni. Watu walipita: mwalimu aliyejiita simba wa ubao, kijana aliyejisifu kwa pikipiki ya mkopo, mwanamke mmoja wa Rongo aliyesema yeye ndiye anayelisha hata mbwa wa chifu. Mama alicheka kwa huyo. Kila sauti ya mzee ilipoanza aliinua mkono, kisha akaushusha. Tulimaliza ndefu, tukaingia za wastani, tukaingia fupi. Hayupo. Nilitazama uso wake nikaona anaanza kunifariji mimi, na hilo liliniumiza zaidi.

“Labda haikushika,” akasema. “Maana siku ile hata stima ilipotea. Jenereta ilizima katikati ya nyimbo. Sisi huko nyuma tulisikia muziki umekufa, kisha watu wanapiga makofi, kisha muziki ukarudi.”

Mume wangu alikuwa ameingia wakati huo, amebeba waya begani. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, akasikia neno jenereta, akasimama.

“Magunga? Ile jenereta ilininyima heshima?” Akanigeukia. “Hiyo haiwezi kuwa kwa nzuri, nyar Migori. Hiyo niliandika imeharibika.”

Kusubiri. Nilifungua folda ile. Zilizoharibika zilikuwa zimekaa pamoja chini kabisa, kundi ambalo nilikuwa nimepanga kulifuta kwa mpigo mmoja bila kulisikiliza. Ilikuwa humo, jina lile lile la wimbo, na mbele yake limeandikwa neno la mume wangu.

Nilichomoa spika za masikioni ili tusikie wote. Gitaa zilikuja, mwimbaji akaja, watu wawili wakajisifu. Halafu sauti ikafa ghafla, ikabaki ngoma peke yake, nayo ikasita. Rekoda ilikuwa na betri zake, haikujua kwamba stima imeondoka, iliendelea kunasa. Tulisikia viti vikisogea, mtu akimlaani fundi wa mitambo, mume wangu akijibu kwa mbali. Halafu kicheko. Halafu mtu karibu sana na meza akakohoa, na mama akanishika mkono kabla sijasikia neno lolote.

Hakuwa na maikrofoni. Nadhani ndiyo maana alisema. Spika zilikuwa zimekufa na alidhani atasikiwa na wale wa meza ile tu. Alisema kwa Kiluo, polepole, na mimi naandika hapa kwa Kiswahili nikijua napunguza utamu.

“Mimi ni mume wa yule aliye jikoni. Mnakula samaki mnasema ni tamu, hamjui mmekula mkono wa nani. Mimi najua. Ziwa lilipochukua nyavu zangu zote, nilifika nyumbani mikono mitupu. Hakuniuliza nyavu ziko wapi. Aliniuliza kama nimekula. Msinihesabie boti. Mimi ni tajiri wa hapo.”

Makofi yalipigwa, mtu akapiga mluzi. Akaanza tena, “Na nikifa mimi kwanza, mwambieni...” na hapo jenereta ikaunguruma, spika zikarudi kwa kishindo, gitaa zikafunika kila kitu.

Mume wangu aliweka waya chini. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka, na nilidhani analia tu, lakini alipoinua uso alikuwa analia na kucheka pamoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na sisi watatu tulikuwa tumeusikia.

“Hapo mwisho anasema mwambieni nini?” mama akauliza.

Nilirudisha nyuma. Nikaongeza sauti, nikapunguza sauti zile nzito za besi, mume wangu akaja akajaribu mbinu zake zote za fundi. Gitaa lilikuwa juu ya maneno na halikutaka kutoka. Tulijaribu mpaka mama mwenyewe akatuzuia.

“Wacheni. Hiyo moja nitamuuliza mwenyewe nikifika.”

Alisema bila huzuni, kama mtu mwenye safari aliyoahidiwa. Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta chenji, nikamshukuru Mungu kwa mume asiyetupa kitu, kwa betri za rekoda, kwa jenereta mbovu, na hata kwa dereva wa Isebania.

Niliporudi mama alikuwa ametoa redio yake kwenye mfuko. Nilimuuliza nimwekee wapi. Alifikiri. Kwaya zake, akasema, zikae kama zilivyo, maana redio hiyo anaipeleka kwenye maombi ya akina mama, na hataki siku moja katikati ya sala mtu aanze kujisifu kwa pembe za ng’ombe. Kwa hiyo nilipanga. Redio hizi ndogo hazifuati alfabeti; zinapiga kwa mpangilio ule faili zilivyoingia kwenye kadi. Nilisafisha kadi, nikaingiza kwaya kwanza kwenye folda yake, kisha nikaunda folda ya pili ya mzee, nikamwonyesha kitufe cha kuruka kutoka folda hadi folda. Alibonyeza, akaenda kwa kwaya, akarudi kwa mumewe, akaenda tena, akarudi. Kisha akanirudishia.

“Nyathina, weka mbili.”

“Mbili zipi, Mama?”

“Hiyo hiyo. Iko moja, weka ingine.”

Nilimweleza kwamba ni kitu kile kile, na kwamba kadi ikiharibika zote mbili zitaharibika pamoja. Nitamhifadhia nyingine hapa kwenye kompyuta na nyingine Migori, asihofu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

“Si hofu,” akasema. “Huyu mtu hakuwahi kuniambia kitu mara mbili.”

Kompyuta haikubali faili mbili zenye jina moja kwenye folda moja. Ya kwanza niliacha jina la wimbo. Ya pili niliandika Tena.